Kisanduku Kilichoachwa Wazi



Juma lililopita alinipigia simu mama mmoja wa Laare, kule Meru, sauti imemkauka. Bintiye ni muuguzi aliyesajiliwa nchini Kenya, na amehudumu wodini miaka minane. Sasa yuko Uingereza, amevishwa sare ya msaidizi, na mtihani wa kwanza ameanguka. "Mwanangu amezalisha wake wa watu kwa taa ya kandili," akaniambia, "hao wamfundisha nini tena?" Sikuwa na jibu. Nikaomba nambari ya binti, tukazungumza kwa kirefu.

Kule, usajili wa Kenya humfikisha muuguzi mlangoni tu. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza hutaka uthibitisho wa vyeti, lugha ya Kiingereza, mtihani wa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo unaofanyiwa hukohuko. Mtihani huu wa vitendo, kwa muundo ulioanza mwaka 2021, una vituo 10. Vinne humfuata mgonjwa mmoja tangu kupimwa hali hadi kukabidhiwa kwa wengine, vinne ni vya kazi za mikono, na viwili ni vya kuandika kimya. Hospitali iliyomwajiri humweka darasani majuma kadhaa ajifunze taratibu za huko. Muda nao wahesabiwa: jaribio la kwanza liwe ndani ya majuma 12 tangu kuanza kazi, na usajili upatikane ndani ya miezi 8, la sivyo mwajiri hawezi kuendelea kumdhamini kwa viza ile. Hilo ndilo lililomkausha mama sauti.

Binti aliangushwa na kituo cha dawa. Mgonjwa ni mwigizaji aliyelala kitandani, chati iko mezani, na mtahini amesimama kando haneni. Katika chati mlikuwa na parasetamoli gramu 1. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita mchana, na dozi iliyotangulia ilitolewa saa nne asubuhi. Kati ya dozi na dozi hutakiwa masaa manne angalau. Binti aliliona hilo mara moja, akaiacha dawa ile, akampa mgonjwa nyingine zilizobaki. Uamuzi wake ulikuwa sahihi kabisa.

Lakini hakusema kitu, wala hakuandika kitu. Kisanduku cha saa ile alikiacha kitupu. Palitakiwa alama ya kuonyesha kwamba dawa haikutolewa, sababu yake, na sahihi yake, na mgonjwa aambiwe kwa nini amenyimwa. Mtahini hawezi kumpa alama kwa alilolifikiri moyoni. Nami nilipomsikiliza, niliona kwamba hapo hapana ujanja wa mtihani. Muuguzi wa zamu ya jioni akikuta kisanduku kitupu, atajuaje kama dawa iliachwa kwa makusudi, ilisahauliwa, au ilitolewa bila kutiwa sahihi? Akiitoa tena kwa dhana, mgonjwa aweza kunywa mara mbili.

Kosa la pili lilikuwa la mazoea. Wodini kwake alimjua mgonjwa kwa kitanda na kwa uso. Kule hata ukimhudumia mtu tangu alfajiri, kabla ya kila dawa wamwuliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, ukalinganisha na kitambulisho cha mkononi na chati, kisha wamwuliza kwa sauti kama ana dawa inayomdhuru. Binti alisoma kitambulisho kwa macho, asiulize.

Niliuliza pia habari ya stara, maana najua ndilo swali la wengi wenu. Mtandio haukuwa tatizo. Mikono ya nguo ndiyo yenye masharti: anapoosha mikono au kumshika mgonjwa, ipandishwe juu na ikazwe isiteremke. Mwongozo wa serikali ya huko wakubali pia mikono ya kuvaa na kutupa, yenye mpira kiwikoni na kifundoni, nayo hubadilishwa kama glavu zibadilishwavyo. Hospitali hutofautiana, basi ni bora kuuliza kwa maandishi kabla ya kusafiri.

Kwa ombi moja mtahiniwa ana nafasi 3. Anayeanguka vituo 7 au pungufu hurudia hivyo tu, kwa nusu ya ada, na binti ameanguka viwili. Kwa sasa hufanya mazoezi kwa simu ya video, na mgonjwa wake ni mamake, aliyejilaza kwenye kochi Laare. Siku ya kwanza alipoulizwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, mama alihamaki: "Wewe! Mamako humjui?" Siku hizi hujibu, na binti akisahau kuuliza, yeye ndiye humkumbusha.