Linki ya daftari la kikoba: kwa nini ilifunguka hata kwa watu wasio wanachama

Wiki chache zilizopita katibu wa kikoba kimoja alitupigia simu studio akiwa na wasiwasi. Wanawake watatu wa kikundi chake walikuwa wamepigiwa simu na mtu asiyemfahamu hata mmoja wao. Mtu huyo aliwataja kwa majina yao matatu matatu, akataja kiasi cha mkopo ambacho kila mmoja alikuwa bado hajarejesha, kisha akawaambia namba ya kikoba imebadilika, marejesho ya mwezi yatumwe kwenye namba mpya. Wawili walishtuka wakakata simu. Wa tatu alituma.

Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" tumeuzoea, na wengi tunaufuta bila hata kuumaliza. Huyu alikuwa tofauti kwa sababu alijua deni. Swali la katibu lilikuwa moja: amelijuaje, wakati daftari liko kwenye simu yangu?

Tulikaa naye na simu yake kwa saa nzima. Jibu lilikuwa kwenye Google Drive, ile programu yenye alama ya pembetatu ya rangi rangi ambayo huja na simu nyingi za Android. Tunaeleza hapa tulichokikuta, kwa ruhusa yake, kwa sababu vikundi vingi vinafanya kama alivyofanya yeye.

Mwaka jana simu yake ya zamani ilitumbukia kisimani, na hesabu za miezi minne zikapotea nayo. Aliponunua nyingine, kijana wa dukani akamwonyesha namna ya kuweka daftari la kikoba kwenye Drive ili simu ikipotea hesabu zibaki. Huo ulikuwa ushauri mzuri. Faili lililowekwa kwenye Drive halionekani na mtu mwingine yeyote mpaka mwenyewe aliruhusu. Vivyo hivyo picha zinazohifadhiwa zenyewe kwenye Google Photos: huzioni isipokuwa umeingia kwa akaunti ileile. Tunalisema hili mapema kwa sababu tumesikia watu waliozima uhifadhi kabisa kwa kuogopa kwamba picha zao "ziko mtandaoni". Kuhifadhi na kugawa ni mambo mawili tofauti. Tatizo la katibu lilianza siku alipogawa.

Mweka hazina aliomba kuona hesabu. Katibu akafungua folda ya kikoba, akanakili linki, akaitupia kwenye kundi la WhatsApp ili wanachama wote waone. Waliogusa linki wakakuta ukurasa wa Kiingereza wenye maneno `You need access`, yaani huna ruhusa, na chini yake kitufe cha `Request access`, yaani omba ruhusa. Wakabonyeza. Barua pepe za maombi zikaanza kumiminika kwa katibu, na kwenye kundi watu wakalalamika kwamba linki haifunguki.

Hapa ndipo wengi hukosea, na hatuwalaumu. Mtu anachoka, anaona maombi kumi na mawili, anataka yaishe. Akaingia sehemu ya ruhusa. Chini ya maneno `General access` kulikuwa na neno `Restricted`. Akaligusa, akapewa chaguo jingine: `Anyone with the link`. Linki ikafunguka kwa kila mtu, malalamiko yakaisha, naye akaamini ameipa ruhusa kundi lake.

Lakini Drive haijui kundi la WhatsApp ni nini. `Restricted` maana yake ni kwamba wanaoweza kufungua ni wale tu ambao barua pepe zao zimeandikwa kwenye orodha ya faili hilo. `Anyone with the link` maana yake ni mtu yeyote aliye na linki, awe nani, awe wapi, hata kama hana akaunti ya Google. Hakuna anayeulizwa jina. Linki yenyewe ndiyo ufunguo, na ufunguo huo ni maneno tu ambayo mtu anaweza kuyatuma kwingine kwa kidole kimoja. Mwanachama mmoja alimtumia shemeji yake aliyetaka kuona kama kikundi kina fedha za kukopesha. Baada ya hapo hatujui ilipita mikono mingapi, na hakuna namna ya kujua, kwa sababu Drive ya kawaida haimwonyeshi mwenye faili orodha ya wageni waliolifungua kwa linki.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo katibu hakulitegemea kabisa. Alichokifungua hakikuwa faili moja, ilikuwa folda. Katika Drive, kinachowekwa ndani ya folda hufuata ruhusa ya folda. Miezi miwili baadaye alipiga picha vitambulisho vya wanachama wote kwa ajili ya fomu za benki, akaziweka mlemle. Hakuna onyo lililotokea. Picha hizo zilikuwa wazi kuanzia dakika ile, kwa linki ya zamani ileile. Na kitambulisho si jina na sura peke yake: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye nayo. Wako watu wanaotumia tarehe hiyohiyo kuunda namba ya siri ya simu yao.

Alipopata habari za matapeli, kitu cha kwanza alichofanya katibu ni kufuta ujumbe wake kwenye WhatsApp. Tulimwomba amtumie mwenzetu linki ileile. Ikafunguka. Kufuta ujumbe huondoa maandishi kwenye kundi, lakini ruhusa haikai WhatsApp, inakaa kwenye folda. Kitu cha pili kilikuwa kulifuta daftari. Nalo halikusaidia kama alivyodhani: faili lililofutwa huenda kwanza kwenye pipa la taka la Drive, `Trash` au `Bin`, na hukaa humo siku 30. Mpaka liondolewe kabisa, waliopewa ruhusa bado wanaweza kulifikia.

Kinachofunga ni hiki. Fungua Drive, tafuta folda au faili, gusa vitone vitatu vilivyo pembeni ya jina lake. Katika orodha inayotokea chagua `Manage access`. Shuka hadi `General access`, gusa pale palipoandikwa `Anyone with the link`, rudisha kwenye `Restricted`. Mpangilio wa skrini hubadilika kidogo kila programu inaposasishwa, lakini maneno haya manne ndiyo ya kuyatafuta, na ukiyajua kwa sura hutahitaji kuelewa Kiingereza kingine chote kilichopo hapo. Anza na folda, kisha pitia mafaili yaliyomo moja moja, kwa kuwa huenda kuna faili ulilowahi kulifungua peke yake, na hilo kufunga folda hakutalifunga.

Tulipofika kwenye daftari lenyewe tukakuta jambo lililotusikitisha zaidi ya yote. Pembeni ya `Anyone with the link` kuna neno jingine dogo linaloonyesha mgeni anaruhusiwa kufanya nini. `Viewer` ni kuangalia tu. `Commenter` ni kuacha maoni. `Editor` ni kuandika, kubadilisha na kufuta. Daftari la kikoba lilikuwa na `Editor`. Maana yake mtu yeyote mwenye linki angeweza kupunguza deni lake mwenyewe au kuongeza la jirani. Katibu akanyamaza kwa muda. Ilibidi siku iliyofuata alinganishe daftari la simu na lile la karatasi mstari kwa mstari. Bahati nzuri alikuwa bado anaandika la karatasi. Kwa daftari lililoandikwa kwenye Google Sheets, toleo la kabla ya mabadiliko huwa limehifadhiwa pia, na kulipitia ni rahisi zaidi kwenye kompyuta.

Utajuaje kama umefunga kweli? Usiamini simu yako, kwa sababu wewe ni mwenye faili na kwako litafunguka siku zote. Nakili linki, fungua Chrome, gusa vitone vitatu vya juu, chagua `New Incognito tab`, bandika linki pale. Ukurasa huo haukujui wewe ni nani. Ukikuta unatakiwa kuingia kwa akaunti, umefunga. Ukiona majina ya wanachama wako, bado. Njia nyingine ni kuazima simu ya mtu asiye kwenye kikundi: akikutana na `Request access`, ni sawa.

Sasa wanachama wanaotakiwa kuona hesabu wataonaje? Wanaohitaji kweli huwa ni wachache: mwenyekiti, mweka hazina, labda mkaguzi. Gusa `Share`, andika barua pepe ya Gmail ya kila mmoja, chagua `Viewer`, tuma. Wengi wanayo anwani hiyo hata kama hawaijui, kwa kuwa simu ya Android huiomba mtu anapotaka kupakua programu kwenye Play Store. Wanachama wengine wasomewe hesabu kikaoni kama zamani. Kwa maoni yetu vitambulisho havina sababu ya kukaa folda moja na hesabu hata siku moja, na benki ikishavipokea hakuna haja ya kuendelea kuviweka.

Kosa hili halihusu vikoba peke yake. Julai 2018 mtandao wa kutafutia habari wa Urusi, Yandex, ulianza kuonyesha kwenye majibu yake mafaili ya Google Docs ya watu wa kawaida, baadhi yakiwa na manenosiri. Hakuna aliyevunja mlango. Yandex ilijibu kwamba ilionyesha yale tu yanayofunguka bila jina la mtumiaji wala nenosiri, na Google ikasema hilo hutokea pale mtu anapoliweka faili wazi au linki yake inapochapishwa mahali fulani kwenye mtandao. Kwa hiyo linki iliyo wazi inaweza kukaa kimya miaka mingi, kisha siku moja mtu akaibandika kwenye ukurasa wa wazi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Katibu wa kikundi ni mmoja wa wanaokusanya.

Kuna kitu ambacho `Restricted` hakiwezi kukifanya. Aliyekwisha kulipakua daftari au kulipiga skrinishoti analo, na hakuna kitufe cha kumnyang'anya. Ndiyo maana tulimshauri katibu asiishie kwenye kufunga. Jumapili iliyopita aliitisha kikao, akawaeleza wanachama kilichotokea na taarifa zipi zilikuwa wazi. Walikubaliana kwamba namba ya kupokea marejesho haitabadilishwa kwa simu wala kwa ujumbe, itabadilishwa kikaoni tu mbele ya mwenyekiti na mweka hazina. Wenye namba za siri zinazofanana na tarehe ya kuzaliwa walizibadilisha palepale. Yule mama aliyetuma fedha amekwisha toa taarifa polisi na kwa mtandao wake wa simu, na kikundi kimemsogezea marejesho kwa mwezi mmoja.