Changarawe au lami? Hesabu ya miaka 20 kwa barabara za Rangwe

Mwaka 2024, serikali ilipopandisha ushuru wa kukarabati barabara kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta, mjadala uligeuka upesi kuwa mvutano baina ya magavana na wabunge kuhusu nani azitumie fedha hizo. Swali lililosahaulika ni iwapo barabara zinazokarabatiwa zilichaguliwa kwa hesabu sahihi tangu mwanzo.

Katika eneobunge la Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, barabara nyingi za mashambani katika wadi za Kagan, Kochia, Gem Mashariki na Gem Magharibi ni za udongo au changarawe. Changarawe hupendwa kwa kuwa kuijenga ni rahisi. Hata hivyo, changarawe ni mali inayoliwa. Magari huirusha kama vumbi wakati wa kiangazi, na mvua huisomba hadi mitaroni.

Kenya ndiyo iliyofunza ulimwengu kuupima ulaji huo. Mapema miaka ya 1970, watafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza, kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, walizipima barabara zetu na gharama za magari yaliyopita juu yake. Matokeo yao ya 1975 yalitoa kanuni inayokadiria unene wa changarawe unaopotea kila mwaka kutokana na idadi ya magari, mvua, mwinuko na aina ya changarawe.

Tuchukue barabara ya mfano yenye magari 100 kwa siku, mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka na mwinuko wa wastani wa asilimia tatu. Kwa changarawe ya kawaida, kanuni inatoa upotevu wa takriban milimita 22 kila mwaka. Iwapo barabara ina upana wa mita tano, hiyo ni mita 110 za ujazo kwa kilomita, yaani malori 11 yenye kubeba mita 10 za ujazo kila moja. Tabaka la milimita 150 litabakia milimita 40 hivi kufikia mwisho wa mwaka wa tano. Hapo mawe makubwa huchomoza, udongo wa chini huonekana, na greda haina tena cha kusawazisha.

Sasa tulinganishe kilomita moja kwa miaka 20. Bei zifuatazo ni za kielelezo tu. Changarawe inajengwa kwa Sh6 milioni, inapitishiwa greda kwa Sh300,000 kila mwaka, na kuwekwa upya kwa Sh4 milioni katika miaka ya 5, 10 na 15. Lami nyembamba inajengwa kwa Sh13 milioni, inatunzwa kwa Sh100,000 kila mwaka, na kupakwa upya kwa Sh2.5 milioni katika miaka ya 8 na 16.

Anayetazama gharama ya ujenzi pekee atachagua changarawe. Anayejumlisha matumizi yote atapata Sh24 milioni kwa changarawe na Sh20 milioni kwa lami, naye atachagua lami.

Lakini hesabu haijaisha. Shilingi ya miaka ijayo haina uzito wa shilingi ya leo. Kwa kiwango cha asilimia 12, ambacho kimetumika sana katika miradi ya maendeleo, Sh100 za mwaka wa tano ni sawa na Sh57 za leo. Gharama zote zikirejeshwa kwa thamani ya leo, changarawe inakuwa Sh12.5 milioni na lami Sh15.2 milioni. Changarawe imeshinda tena.

Kinachoamua ni gharama isiyoonekana katika vitabu vya serikali: magurudumu, springi, mafuta na muda wa wasafiri. Pengo hilo la takriban Sh2.6 milioni hufidiwa iwapo kila gari litaokoa karibu Sh10 kwa kilomita. Kukiwa na magari 200, karibu Sh5 zingetosha hata kabla ya kuhesabu kwamba changarawe nayo ingeliwa upesi zaidi. Kukiwa na magari 30, ingehitajika zaidi ya Sh30, na huenda changarawe ndiyo ikafaa.

Kwa hivyo, kazi ya kwanza ni kuyahesabu magari, siku za soko na siku za kawaida, pamoja na kupima umbali wa machimbo ya changarawe. Bodaboda zihesabiwe kando, kwa kuwa si nzito kama lori ingawa abiria wake hunufaika na barabara laini.

Hatari moja yabaki. Lami isiyopakwa upya kwa wakati hupasuka, maji yakaingia, na mashimo yakafuata. Sh2.5 milioni za mwaka wa nane zisipotolewa, hesabu iliyoichagua lami imebatilika, na mwananchi amelipia ujenzi wa ghali uliozaa barabara mbovu.