Mpangaji wa Kilwa, miezi yako sita ina maana gani?

Vijana wenzangu, huku kwetu Kilwa Masoko hadi Lindi mjini wengi tunapanga kwa mdomo: unaona chumba, unatoa kodi ya miezi sita, unapewa ufunguo. Wengi wanadhani bila karatasi huna mkataba. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata wa maneno matupu. Shida ni ushahidi.

Chukua mfano. Asha kapanga kwa 50,000 kwa mwezi, kalipa 300,000 kuanzia Januari 1. Machi mwenye nyumba kapata mgeni wa mradi wa bandari ya uvuvi anayetoa 100,000. Anamwambia Asha, "Mwisho wa mwezi uhame." Kama Asha hajavunja makubaliano, miezi yake inaisha Juni 30. Bei mpya ya mtu mwingine haimhusu.

Juni ikaisha, Asha akabaki, akalipa Julai na Agosti, mwenye nyumba akapokea. Sasa ni mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Kumtoa kunahitaji notisi isiyopungua mwezi mmoja, tena iishie siku ya kodi. Notisi ya Septemba 10 haimtoi Septemba 30. Inamfikisha mwisho wa Oktoba. Na Asha akitaka kuhama, naye anadaiwa notisi hiyohiyo.

Atathibitishaje? Lipa kwa simu, usifute meseji. Ukilipa taslimu, andika hata kwenye daftari: chumba kipi, kiasi gani, kuanzia lini hadi lini, nani katengeneza nini, wote msaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Na uliza nyumba ni ya nani. Nyumba nyingi za huku ni za mirathi. Ukimlipa mjomba mmoja, kesho shangazi atakuja kudai kodi yake.

Mkigombana, anzieni Baraza la Kata. Tangu 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'olewa mlango au mabati si hukumu ya mtu yeyote.

Lakini tuseme ukweli: mwenye nyumba akifuata notisi, anaweza kudai hata mara mbili ya kodi ya zamani. Sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, na pengo lile halijazibwa. Wakileta miradi pwani yetu, walete na sheria ya kumlinda mpangaji. Hilo ndilo tuwaulize wagombea wote, wa kwetu wakiwemo.

Angalizo: mimi ni mwanafunzi wa sheria, si wakili. Haya ni maelezo ya jumla, si ushauri wa kisheria. Ukiwa na kesi, muone wakili au msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe.