Cheti cha Kodi ni Fedha Yako: Kisome!

Wengi wetu hapa Uganda siku hizi hatuna ajira ya mwezi. Tunapiga picha, tunakalimani, tunatafsiri, tunachora ramani za nyumba, kisha tunapeleka ankara na kungoja. Fedha ikija imepungua, tunaambiwa, "Kodi imekatwa," nasi tunainuka na kwenda zetu. Sisi tunasema hilo ni kosa. Aliyekatwa kodi hajamaliza kazi yake mpaka ashike cheti mkononi na kukipima na ile fedha aliyopokea.

Tuchukue mfano wa mwenzetu mmoja, mkalimani. Alikubaliana kufanya kazi siku 10 kwenye warsha mjini Kampala kwa Sh. 400,000 kila siku, yaani Sh. 4,000,000. Mlipaji wake ni wakala aliyeteuliwa kukata kodi ya zuio, na kiwango chake ni asilimia 6. Hesabu ni nyepesi: asilimia 6 ya Sh. 4,000,000 ni Sh. 240,000. Kwa hiyo alistahili kupokea Sh. 3,760,000.

Benki ikaonyesha Sh. 3,745,000. Zile Sh. 15,000 zilizopungua zilikwenda wapi? Alipouliza akajibiwa kwamba ni gharama ya kutuma fedha. Vema, lakini gharama ya benki si kodi. Haiwezi kuingizwa kwenye cheti, na kama mkataba haukusema ni juu ya nani, ni haki yake kuidai kwa mlipaji.

Baadaye cheti kikaja. Jina lilikuwa lake na namba yake ya mlipa kodi ilikuwa sawa. Hivyo ndivyo vya kutazama kwanza, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa kodi yako inakwenda kwa mtu mwingine. Lakini kwenye kiasi cha malipo kiliandikwa Sh. 3,760,000, na kwenye kodi Sh. 225,600. Asilimia 6 ya Sh. 3,760,000 ni Sh. 225,600 kweli, na ndiyo maana mtu mwenye haraka angekubali. Kosa ni kwamba karani alianza hesabu na fedha iliyokwisha kukatwa, badala ya ile ya ankara. Mwenzetu alikatwa Sh. 240,000, lakini serikali imeandikiwa Sh. 225,600. Sh. 14,400 zimebaki kwa mlipaji.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki. Kiasi cha malipo kwenye cheti lazima kilingane na ankara yako. Ukitoa kodi iliyoandikwa, lazima kibaki kile ulichopokea, ukirudishia gharama ya benki kama ipo. Katika cheti hiki, 3,760,000 ukitoa 225,600 inabaki 3,534,400. Mwenzetu hakupokea fedha hiyo hata siku moja. Hapo uongo wa karatasi unajitokeza wenyewe.

Wengine watasema Sh. 14,400 ni kidogo. Sisi tunajibu: wewe unafanya kazi ngapi kwa mwaka? Tena kodi hii siyo ya mwisho. Ni malipo ya mbele. Mwaka wa kodi hapa unakwisha tarehe 30 Juni, na unapopeleka hesabu yako, kabla ya mwisho wa Desemba, kodi iliyokwisha kukatwa inapunguzwa katika ile unayodaiwa. Ikizidi, unaweza kudai urudishiwe. Bila cheti huna cha kuonyesha, na utalipa mara mbili.

Kuna ubaya mkubwa zaidi: mlipaji anayekata na kukaa na fedha. Sheria inamtaka aipeleke kwa Mamlaka ya Mapato ndani ya siku 15 baada ya mwezi aliokata. Kama ulilipwa tarehe 10 Machi, ikifika tarehe 15 Aprili fedha iwe imekwisha kufika. Ukiona siku zimepita na cheti hakuna, usiridhike na maneno ya "kesho". Andika barua, taja namba ya ankara, tarehe uliyolipwa na kiasi ulichokatwa, na uweke nakala. Kisha nenda ofisi ya kodi na namba yako, uulize kama kodi hiyo imeandikwa kwa jina lako. Asiyepeleka kodi aliyoikata, deni hilo ni lake mwenyewe.

Mwenzetu aliandika barua hiyo, akaambatanisha ankara na karatasi ya benki. Cheti kikasahihishwa kikasoma Sh. 4,000,000 na Sh. 240,000. Zile Sh. 15,000 bado anazidai.

Sisi tunaona kila mkataba wa kazi ya muda uwe na sentensi mbili: cheti kitolewe pamoja na malipo, na gharama ya benki ni juu ya mlipaji. Kabla hujatia sahihi, dai ziandikwe.