Tahadhari Kabla Hamjafunga Mabegi

Wadogo zangu mnaoondoka Kuluba kwenda kusoma ng'ambo, nimesikia wengi mmeshanunua birika la umeme, pasi na jiko dogo kule Arua. Toeni vitu hivyo kwenye mabegi leo, mvisome kwanza.

Kila chombo cha umeme kina kibandiko nyuma au chini. Kikiwa kimeandikwa `INPUT: 100-240V 50/60Hz`, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta, kitafanya kazi popote. Kikiandikwa `220-240V` peke yake, hicho ni cha umeme wa huku kwetu. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120. Adapta inayouzwa sokoni hubadilisha umbo la plagi tu; volti haigusi.

Chukua birika la wati 2000. Hapa huchemsha lita moja ya maji kwa dakika tatu hivi. Huko Marekani volti zinapungua nusu, na nguvu inashuka hadi robo, yaani wati 500. Maji yaleyale yatakuchukua zaidi ya dakika kumi na moja. Hapo umepata hasara tu. Hatari iko kwenye safari ya kurudi: jiko la wali la volti 120, wati 500, ukilichomeka Uganda linavuta mara nne, wati 2000. Waya wake wa ndani haukutengenezwa kwa moto huo. Utanusa plastiki ikiungua, na usipowahi kuchomoa, nyumba inaweza kushika moto. Kwa hiyo chombo cha jikoni cha Marekani kinunue huko na ukiache huko, tena uulize kwanza sheria za bweni, maana mengi yanakataza majiko ya umeme vyumbani.

Anayekwenda Uingereza ana nafuu: volti zinalingana na zetu, na plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa. India na Ujerumani volti zinafaa pia, ila matundu ya soketi ni ya duara, kwa hiyo adapta inatosha. Hata hivyo birika ni bei nafuu huko, na kilo za begi ni chache.

Kilo hizo zijazeni vya nyumbani: simsim iliyokaangwa, karanga za kusaga, nguo za kitenge. Karanga za kusaga zifungeni vizuri, ziende kwenye begi kubwa, kwa sababu kwenye begi la mkononi haliruhusiwi kopo linalozidi mililita 100 katika viwanja vingi vya ndege. Nyama iliyokaushwa na samli mwachieni mama. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, na forodha wakiikuta wanaitupa.

Blanketi zito na koti la baridi kanunueni mkifika, baada ya kuona wenyeji wa mji huo wanavaa nini.