Ukungu Uliteleza Fremu 4 Tu, Namba ya Gari Ikabaki Wazi!

Tuseme kuna klipu ya sekunde 12: staa mmoja wa Bongo anatoka hotelini usiku na dada ambaye si maarufu. Aliyeposti kajitahidi, uso wa dada kauwekea ukungu, namba ya gari nayo hivyo hivyo. Nusu saa haijaisha, kwenye komenti watu wanaimwaga namba nzima. Imevuja wapi?

Shida ni kuiamini "Tracking" kupita kiasi. Unaweka ukungu juu ya namba, unabonyeza, basi app inaangalia rangi na maumbo ya eneo lile na kuyatafuta kwenye kila fremu inayofuata. Haijui kwamba ile ni namba ya gari. Kwenye klipu yetu, mlinzi anakatiza mbele ya gari, app inapoteza namba na kuanza kumfuata mlinzi. Ukungu unaondoka naye!

Video ikiwa na fremu 30 kwa sekunde, klipu hiyo ina picha 360. Namba imebaki wazi kwenye picha 4 tu, hata sehemu ya saba ya sekunde haifiki. Ukiicheki kwa spidi ya kawaida huoni kitu. Ila mbea hachezi video, mbea anasimamisha na kupiga skrinshoti. Picha moja inamtosha.

Dawa ipo, ila haitaki haraka. Simamisha ufuatiliaji kabla mlinzi hajafika, sogeza ukungu kwa mkono fremu kwa fremu mpaka apite, halafu anza kufuatilia upya. Uso una mtego wake: dada akigeuka pembeni, alama zilizokuwa zinafuatwa zinapotea. Ndo maana ni bora kufunika kichwa kizima, na ukungu uwe mpana kuliko unachoficha.

Halafu kuna wale wa ukungu mwepesi, eti video isiharibike. Namba za magari binafsi Bongo zinajulikana zilivyo: T, tarakimu 3, herufi 3, maandishi ya aina moja. Anayekisia hahitaji kuona vizuri, anahitaji kivuli tu cha kila herufi, na gari likisogea anapata vivuli vingi vya kulinganisha. Kwenye namba, weka boksi jeusi kabisa. Halipendezi, lakini halina cha kukisiwa.

Staa kachagua kamera, kazoea. Yule dada hakuchagua, na kesho gari lile litapaki nyumbani kwao, majirani wakiwa na skrinshoti mkononi. Kumwekea ukungu unaoteleza ni kumuuza huku unajifanya umemsitiri. Kama mtu hana muda wa kupitia fremu zote 360 moja moja kabla ya kuposti, akate kipande chenye gari au aache kabisa. Viyuu hazilipi aibu ya mtoto wa watu.

Wadau mnasemaje, mwenye kosa ni app au aliyeposti? Shusha komenti yako hapo chini.