Nusu ya Karo si Nusu ya Gharama

Mama mmoja ametuuliza: binti yake amepata chuo cha Uingereza kitakachomlipia nusu ya karo ya shahada ya uzamili, na hapa nchini amepata ufadhili kamili. Achague upi?

Tumeipitia hesabu yake. Karo ni pauni 20,000. Atabakiwa na 10,000 za kulipa. Lakini kabla ya kupewa viza, mwanafunzi wa nje ya London hutakiwa aonyeshe pia pauni 1,171 za matumizi kwa kila mwezi, kwa miezi 9, yaani 10,539. Jumla imepita shilingi milioni 3. Nazo zikae katika akaunti siku 28 mfululizo. Mchango wa jamaa ulioingia jana haufai. Hapo ndipo wengi hukimbilia mkopo wa riba. Tena, tangu Januari 2024, mwanafunzi kama yeye hawezi kwenda na watoto wake, na binti huyu ana wawili wadogo.

Kwa maoni yetu, ashike wa hapa. Ila aisome barua vyema: huo “kamili” mara nyingine ni karo tu, bila posho wala gharama za utafiti. Aulize kabla ya kutia saini, na ajibiwe kwa maandishi.